Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hesabu za Serikali: idhini ya Bunge, fedha iliyolipwa na gharama iliyotokea

Maswali haya huulizwa na madiwani, waandishi wa habari, wazabuni wanaosubiri kulipwa na wanafunzi wa uhasibu waliozoea hesabu za kampuni. Majibu yanafuata mfumo wa Tanzania. Kenya inaingia pale ambapo njia yake inatofautiana kwa namna inayosaidia kuelewa jambo.

Idhini ya Bunge ni nini hasa?

Ni ruhusa ya kisheria ya kutumia fedha za umma, na ruhusa hiyo imezungushiwa mipaka mitatu kwa wakati mmoja. Mpaka wa kwanza ni kiasi: usizidi hapa. Wa pili ni kusudi: fedha ya dawa ni ya dawa, haiwi ya semina. Wa tatu ni muda: mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni.

Msingi wake uko kwenye Katiba. Ibara ya 135 inataka mapato ya Serikali yawekwe katika Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa yale ambayo sheria imeyapangia mfuko mwingine. Ibara ya 136 inasema fedha haitoki katika Mfuko huo ila matumizi yake yawe yameidhinishwa na Katiba yenyewe au na sheria ya Bunge. Ndiyo maana Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitisha makadirio fungu kwa fungu, kisha hutungwa sheria ya kuidhinisha matumizi ya Serikali kwa mwaka husika. Kila wizara au taasisi ina fungu lake. Wizara ya Afya, kwa mfano, ni Fungu 52. Ndani ya fungu kuna vifungu, na ndani ya vifungu kuna kasma, ambazo ndizo mistari anayoishi nayo mhasibu kila siku.

Watu wengi huchanganya idhini na fedha. Siku Bunge linapopitisha bajeti, sehemu kubwa ya kodi itakayoigharamia bado haijakusanywa. Wizara yenye idhini ya shilingi milioni 600 inaweza kuamka tarehe 1 Julai bila hata shilingi moja ya kasma hiyo kwenye akaunti. Ina haki ya kutumia, lakini cha kutumia bado hakijafika.

Kampuni nayo ina bajeti. Kwa nini Serikali ifuatilie yake kwa ukali kiasi hiki?

Bajeti ya kampuni ni mpango wa ndani. Mkurugenzi akiivuka na faida ikapatikana, wanahisa watampongeza. Afisa Masuuli wa wizara, ambaye kwa kawaida ni Katibu Mkuu, akivuka idhini amevunja sheria hata kama alichonunua ni kizuri na bei ilikuwa ya haki.

Tofauti inatokana na mahali fedha inapotoka. Mteja asiyeridhika na duka huenda duka la jirani, na mapato ya duka yakishuka mwenye duka anapata ujumbe. Mlipa kodi hana njia hiyo. Hawezi kuzuia sehemu ya kodi yake isiende kwenye wizara asiyoiridhia, na faida au hasara haimwambii kitu, kwa sababu shule na zahanati hazikujengwa ili zipate faida. Kwa hiyo udhibiti umewekwa mlangoni, kabla fedha haijatoka: wawakilishi wake wanasema kiasi gani na kwa kazi gani, kisha wanaletewa hesabu ya jinsi ruhusa hiyo ilivyotumika.

Utaratibu huu tumeurithi. Mwaka 1866 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyotaka kila idara itoe hesabu ya matumizi ikilinganishwa na kiasi kilichoidhinishwa, hesabu hiyo ikaguliwe na afisa asiyetumwa na mawaziri, na taarifa irudi bungeni. Cheo cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali bado kinabeba kazi zote mbili. Kwa Ibara ya 143, akiwa Mdhibiti anahakikisha kwamba fedha inayotaka kutoka Mfuko Mkuu imeidhinishwa. Akiwa Mkaguzi anakuja baadaye kuangalia kilichofanyika. Kenya ilizitenganisha kazi hizo kwa Katiba ya 2010: Ibara ya 228 ilimpa Mdhibiti wa Bajeti kazi ya kuidhinisha utoaji wa fedha, na Ibara ya 229 ikamwachia Mkaguzi Mkuu ukaguzi.

Kutoka idhini hadi malipo, kuna hatua gani katikati?

Zipo nne za kukumbuka, na karibu kila mgogoro wa hesabu za Serikali unatokea kati ya hatua moja na nyingine.

Kwanza idhini inaingizwa kwenye mfumo wa malipo, ambao leo ni MUSE, kama salio la kila kasma. Pili, ofisi inapotaka kununua, hutoa hati ya ununuzi, ile ambayo wengi wanaiita elpio, na hapo mfumo unatakiwa kufunga kiasi hicho ili kisitumike kwa kitu kingine. Bado hakuna aliyelipwa na hakuna kilichopokelewa, ila sehemu ya idhini tayari ina mwenyewe. Tatu, bidhaa zinafika, zinakaguliwa, hati ya mapokezi inasainiwa, na mzabuni analeta ankara. Kuanzia hapo Serikali inadaiwa. Nne, Hazina inatoa fedha na mzabuni analipwa.

Kati ya hatua ya tatu na ya nne panaweza kupita wiki moja, au mwaka. Hazina hutoa fedha kwa kadiri makusanyo yanavyoingia. Makusanyo yakipungua, idhini inabaki ileile ilhali mgao unapungua. Wizara iliyoagiza kwa kuangalia idhini peke yake, bila kuangalia mtiririko wa fedha unaotarajiwa, hapo inajikuta na ankara isiyo na pa kulipiwa.

Msingi wa fedha taslimu na msingi wa malimbikizo vinatofautiana wapi?

Katika msingi wa fedha taslimu, muamala unaandikwa fedha inapoingia au kutoka, yaani katika hatua ya nne tu. Ankara iliyolala mezani haionekani kwenye hesabu zenyewe. Ikionekana, itakuwa kwenye kiambatisho.

Katika msingi wa malimbikizo, ambao wahasibu wengi huuita akruali, muamala unaandikwa tukio la kiuchumi linapotokea. Bidhaa zikipokelewa, deni linaandikwa siku hiyo hata kama malipo yatakuja baada ya miezi sita. Zikitumika, gharama inaandikwa. Zikibaki ghalani, zinabaki kuwa mali. Kwa hiyo taarifa ya malimbikizo inakuja na mizania, inayoonyesha Serikali ina nini na inadaiwa nini. Taarifa ya fedha taslimu huishia kwenye fedha zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki benki.

Naomba mfano wenye namba.

Huu ni wa kubuni, lakini umejengwa kwa namna mambo yanavyotokea. Chukua hospitali ya mkoa yenye kasma ya dawa na vifaa tiba. Idhini ya mwaka ni shilingi milioni 600.

Mwaka unaanza hospitali ikiwa na deni la milioni 70 kwa mzabuni aliyeleta dawa mwaka uliopita. Bohari nayo ina dawa za milioni 50 ambazo hazijatumika.

Hadi mwisho wa Mei hospitali imelipa jumla ya milioni 420. Ndani ya malipo hayo mna zile milioni 70 za deni la zamani, kwa hiyo dawa mpya zilizolipiwa ni za milioni 350. Tarehe 10 Juni inatoa elpio ya milioni 150, na mfumo unazifunga. Salio huru la kasma linabaki milioni 30. Tarehe 24 Juni dawa zinafika, zinapokelewa, ankara inawasilishwa. Mgao wa Hazina hauji. Tarehe 30 Juni inapita na mzabuni hajalipwa. Bohari inahesabiwa, na zinakutwa dawa za milioni 90.

Sasa uliza swali linaloonekana jepesi: hospitali ilitumia kiasi gani kwa dawa mwaka huu?

Mtu wa fedha taslimu atajibu milioni 420, kwa sababu ndizo zilizotoka benki. Atalinganisha na idhini ya milioni 600 na kuonyesha bakaa ya milioni 180.

Mtu wa malimbikizo ataanza na dawa zilizopokelewa mwaka huu: milioni 350 zilizolipiwa na milioni 150 ambazo bado, jumla milioni 500. Ataongeza milioni 50 zilizokuwa ghalani mwanzoni na kutoa milioni 90 zilizobaki mwishoni. Gharama ya dawa zilizotumika ni milioni 460. Kwenye mizania ataandika deni la milioni 150 na bohari ya milioni 90.

Njia kati ya namba hizo mbili inaweza kuandikwa hivi, kwa mamilioni:

```
Malipo ya mwaka                     420
Toa: deni la mwaka uliopita         -70
Ongeza: deni la mwisho wa mwaka    +150
Ongeza: bohari ya mwanzo            +50
Toa: bohari ya mwisho               -90
Gharama ya dawa zilizotumika        460
```

Mwanafunzi anayeweza kuijenga upya njia hii bila kutazama ameshapata sehemu kubwa ya somo.

Kati ya 420 na 460, ipi ndiyo ya kweli?

Zote mbili, kwa sababu kila moja inajibu swali lake. Bunge liliuliza kama wizara ilibaki ndani ya ruhusa; hapo 420 inalinganishwa na 600. Daktari mfawidhi anayetaka kujua kuihudumia jamii yake kwa mwaka kunakula dawa za kiasi gani anahitaji 460. Akipanga bajeti ijayo kwa kutumia 420, atakuwa ameingiza deni la mwaka uliopita ndani na kuacha nje dawa ambazo wagonjwa wake tayari wamemeza.

Kosa ni kuweka namba ya swali moja kwenye jibu la swali jingine, na hutokea mara nyingi. Gazeti linaandika kwamba wizara imetumia asilimia 70 tu ya bajeti yake, na msomaji anaona uzembe. Asilimia hiyo inaeleza kiasi kilicholipwa. Haisemi kazi kiasi gani ilifanyika, wala haisemi nani anadai.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa sekta ya umma kinachohusu jambo hili ni IPSAS 24. Kinataka taasisi inayotangaza bajeti yake ionyeshe bajeti ya mwanzo, bajeti ya mwisho baada ya marekebisho, na matumizi halisi, yote kwa msingi uleule uliotumika kwenye bajeti. Bajeti ikiwa ya fedha taslimu na taarifa za fedha zikiwa za malimbikizo, lazima pawepo usuluhisho unaoeleza tofauti. Kwa hiyo taarifa za fedha za taasisi ya Tanzania hubeba sura zote mbili ndani ya jalada moja, na ukurasa wa usuluhisho ndio daraja. Ninauthamini sana ukurasa huo, na wasomaji wengi huuruka.

Zile milioni 180 zilizobaki, je, ni akiba?

Hapana, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kwa muda.

Milioni 150 kati yake tayari ni za mzabuni. Dawa ziko ghalani na nyingine huenda zimeshatolewa kwa wagonjwa. Kilichobaki kweli bila mwenyewe ni milioni 30. Lakini hata hizo si fedha zilizokaa mahali zikisubiri, kwani mgao wake haukutoka Hazina. Ni ruhusa ambayo haikutumika, na mwaka ukifungwa ruhusa hiyo inakoma nao. Kama fedha ilishatoka Hazina na haikutumika, kanuni ni kurejeshwa, isipokuwa pale utaratibu unaporuhusu kuomba kuendelea nayo kwa kazi iliyokwisha kuanza.

Ruhusa hukoma tarehe 30 Juni, lakini deni halikomi. Hizo milioni 150 zinavuka kuingia mwaka mpya bila idhini yao ya zamani, na inabidi zilipwe kwa idhini mpya. Tuseme mwaka mpya Bunge limeidhinisha tena milioni 600. Mhasibu anapolipa deni, kwa dawa mpya zinabaki milioni 450. Hospitali inayotumia dawa za milioni 460 kwa mwaka, na ina bohari ya milioni 90, inaweza bado kupumua. Lakini kama mgao wa Hazina utakuwa tena milioni 420, zitakazobaki baada ya deni ni milioni 270. Ikiagiza kadiri ya mahitaji yake, deni la mwisho wa mwaka litakuwa kubwa zaidi. Ikiagiza kadiri ya fedha, rafu za bohari zitakuwa tupu kufikia katikati ya Aprili.

Hivi ndivyo madeni ya wazabuni yanavyozaliwa katika ofisi ambayo haikuvuka idhini yake hata siku moja. Kila mwaka hesabu ya bajeti inaonyesha bakaa, na kila mwaka deni linaongezeka. Anayesoma ukurasa wa fedha taslimu tu hataliona mpaka mzabuni aache kuleta dawa.

Mashine inayodumu miaka mingi inahesabiwaje?

Hospitali ikinunua mashine ya eksirei kwa milioni 200, itakayotumika miaka mitano, idhini na malipo yote ni ya mwaka wa kwanza: milioni 200. Katika hesabu ya malimbikizo inaingia kwenye mizania kama mali, na kila mwaka milioni 40 zinahamia kwenye gharama kama uchakavu. Uchakavu hauna kasma, kwa sababu hakuna anayelipwa. Ni moja ya sababu za kawaida za tofauti kubwa kwenye ukurasa wa usuluhisho, na haimaanishi kwamba kuna fedha iliyopotea.

Ugumu wa kweli uko kwenye mali za zamani. Ili uhesabu uchakavu wa barabara, jengo la wilaya lililojengwa kabla ya Uhuru au gari lililoletwa na mradi wa wafadhili, lazima kwanza ujue lipo, ni la nani na lina thamani gani. Kazi ya kuorodhesha na kuthamini mali imezichosha serikali nyingi kuliko uhasibu wenyewe.

Tanzania na Kenya zimesimama wapi?

Serikali Kuu ya Tanzania ilianza kutumia IPSAS za msingi wa malimbikizo kuanzia tarehe 1 Julai 2012. Kwa majengo, mitambo na vifaa ilitumia nafuu ya mpito ya miaka mitano, iliyokwisha tarehe 30 Juni 2017. Mamlaka za serikali za mitaa zilikuwa zimetangulia. Bajeti yenyewe imebaki ya fedha taslimu, na ndiyo maana Mtanzania anayesoma taarifa hizi hana budi kuielewa misingi yote miwili.

Kenya iliendelea kwa muda mrefu na IPSAS ya fedha taslimu katika wizara na serikali za kaunti, na ilianza kuhamia malimbikizo kwa hatua kuanzia Julai 2024. Madai ya wakandarasi na wauzaji ambayo hayajalipwa yamekuwa kilio cha miaka mingi huko. Chini ya fedha taslimu, madai hayo yalikaa kwenye viambatisho, nje ya hesabu kuu, na kila upande ukawa na orodha yake. Kuyaingiza kwenye mizania kunamlazimisha mkaguzi kuyatolea maoni na afisa kuyatetea moja baada ya jingine.

Kwa hiyo tukihamia malimbikizo, madeni ya wazabuni yatakwisha?

La. Malimbikizo yanalionyesha deni baada ya kuzaliwa. Kinachozuia lisizaliwe ni udhibiti wa hatua ya pili: kwamba hakuna agizo linalotoka nje ya mfumo, na kwamba mfumo haufungi kiasi kinachozidi fedha inayotarajiwa kweli.

Agizo la nje ya mfumo ndilo ugonjwa mkubwa. Mkuu wa kitengo anampigia mzabuni simu, vitu vinaletwa kwa kuaminiana, na elpio inaandikwa baadaye fedha ikipatikana. Kwa MUSE kasma inaonekana ina salio huru, kumbe ilishatumika. Mwingine naye analiona salio hilo na kuagiza kwa haki kabisa. Matokeo yake ni madai mawili juu ya ruhusa moja.

Mkaguzi anaugundua kwa kulinganisha tarehe. Ankara ikiwa ya tarehe 3 Mei na elpio ya tarehe 19 Juni, kitu kilinunuliwa kabla hakijaruhusiwa. Dalili nyingine ni malipo ya Julai na Agosti: vuta ankara zake na utazame hati za mapokezi. Zikiwa za Mei na Juni na deni hilo halikuwa kwenye mizania ya tarehe 30 Juni, mizania haikuwa kamili. Dalili ya tatu hupatikana kwa kuwaandikia wazabuni wenyewe kuuliza wanadai kiasi gani. Orodha yao ikizidi ya ofisi, kuna ankara zimekaa kwenye droo.

Kwa nini basi Bunge lisipitishe bajeti kwa malimbikizo, ili kuwe na msingi mmoja?

Inawezekana, na zipo nchi zilizofanya hivyo. New Zealand ilibadilisha sheria yake mwaka 1989, na sasa Bunge lake huidhinisha gharama badala ya malipo, uchakavu ukiwemo. Uingereza nayo ilifuata njia ya kukadiria kwa rasilimali baada ya sheria ya mwaka 2000.

Binafsi sioni kwamba sisi tuharakishe. Bajeti ya malimbikizo inamtaka mbunge aidhinishe makadirio kama uchakavu na madeni yasiyolipika, namba zinazotegemea uamuzi wa mhasibu. Malipo ya benki hayana uamuzi mwingi ndani yake: fedha imetoka au haijatoka. Nchi ambayo bado inahangaika na daftari la mali na maagizo ya nje ya mfumo itakuwa imelegeza kamba inayoshika vizuri kwa ajili ya kamba ambayo haijasukwa ikakamilika. Afadhali bajeti ya fedha taslimu yenye ukurasa mzuri wa usuluhisho na orodha ya madeni inayosomwa bungeni pamoja na makadirio.

Matumizi yakihitajika kabla Bunge halijayaidhinisha inakuwaje?

Katiba zimeacha milango midogo. Tanzania ina utaratibu wa makadirio ya nyongeza chini ya Ibara ya 137 na mfuko wa dharura chini ya Ibara ya 140. Kenya, kwa Ibara ya 223, inaruhusu Serikali kutumia kwanza pale kiasi kilichoidhinishwa kisipotosha au hitaji jipya likizuka, mradi idhini iombwe ndani ya miezi miwili tangu fedha ya kwanza kutolewa na kiasi kisizidi asilimia 10 ya jumla iliyoidhinishwa mwaka huo, ila Bunge likiruhusu zaidi kwa mazingira maalumu. Malipo ya deni la taifa yana njia yake. Yanalipwa kwa nguvu ya Katiba na sheria moja kwa moja kutoka Mfuko Mkuu, bila kungoja kura ya kila mwaka.

Taasisi ikipata hati inayoridhisha, maana yake haidaiwi?

Hapana. Hati inayoridhisha, ambayo mitaani huitwa hati safi, inasema taarifa za fedha zimeonyesha hali ilivyo bila upotoshaji mkubwa. Hospitali yetu inaweza kupata hati hiyo huku ikidaiwa milioni 150, mradi tu imeziandika. Asiyeandika ndiye anayehatarisha hati yake. Diwani anayetaka kujua kuhusu madeni asiishie kwenye aina ya hati. Aifungue taarifa yenyewe.

Nimepewa taarifa ya fedha ya halmashauri yetu na kikao ni kesho. Nianze ukurasa gani?

Anza na taarifa ya ulinganisho wa bajeti na matumizi halisi. Tazama kasma zenye bakaa kubwa na uandike tatu kubwa zaidi pembeni. Kisha nenda kwenye mizania, utafute mstari wa madeni ya wazabuni na watumishi, na ulinganishe mwaka huu na uliopita. Namba zote mbili ziko pale, safu kwa safu. Fuata namba ya maelezo iliyo pembeni ya mstari huo mpaka kwenye jedwali la nyuma linaloyagawa madeni kwa aina na, pale lilipotengenezwa vizuri, kwa umri.

Ukiona kasma yenye bakaa kubwa na deni la aina hiyohiyo limeongezeka, umepata swali lako la kikao. Muulize mweka hazina: kati ya bakaa hii, kiasi gani kilikuwa tayari kimeagizwa kufikia tarehe 30 Juni, na kati ya hicho kiasi gani kilikuwa kimepokelewa? Kisha uliza deni hilo linalipwa kwa kasma ipi mwaka huu, na kasma hiyo itabaki na kiasi gani baada ya kulipa. Omba jibu kwa maandishi, likiwa na orodha ya ankara na tarehe za hati za mapokezi.